SOMO LA USHIRIKA: KURUSHA MKUTANO MKUU KWA MTANDAO KWA KAMERA MOJA



Kila chama cha msingi kina wanachama wasioweza kufika mkutanoni: mzee asiyeweza tena kupanda mlima, mama aliyelazwa hospitali, kijana aliyehamia mjini lakini mibuni yake ingali shambani. Vyama kadhaa vimeanza kuwarushia wanachama hao Mkutano Mkuu kwa njia ya mtandao, ili wauone na kuusikia saa ile ile unapofanyika. Somo hili laeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa kamera moja, kompyuta mpakato moja na laini ya simu ya kawaida.

Tuanze na ugomvi ambao kazi hii yaweza kuuleta. Matangazo huenda vizuri wakati wa sala, nyimbo na hotuba ya mgeni rasmi. Kisha Katibu anasimama kusoma mapato na matumizi, na hapo hapo picha inaganda na sauti inapotea. Wanachama walio mbali husema mara moja kwamba matangazo yamekatwa kwa makusudi ili hesabu zisisikike. Katibu huapa kwamba hakugusa kitu, na aghalabu husema kweli. Lakini neno likishatoka haliokoteki, na mkaguzi akija hukuta chama kimegawanyika kwa sababu ya laini ya simu.

Sababu yenyewe haina siri. Hesabu husomwa kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati ukumbi umejaa. Kila aliyefika ana simu mfukoni, na simu hizo zote hutumia mnara ule ule unaobeba matangazo ya chama. Asubuhi mapema barabara ilikuwa nyeupe. Saa tano ina msongamano. Katibu aliyepima mtandao siku ya Jumanne, ukumbi ukiwa mtupu, hakupima kitu.

1. SAFARI YA PICHA

Hapana budi Katibu aijue njia ambayo picha hupita, ili hitilafu ikitokea ajue mahali pa kuitafuta. Kamera hutoa picha kwa waya wa HDMI. Waya huo huingia katika kifaa kidogo cha kupokelea picha, nacho huchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Ndani ya kompyuta programu ya OBS Studio, ambayo hutolewa bure, huichukua picha hiyo pamoja na sauti, huibana iwe ndogo, kisha huipeleka kwenye ruta. Ruta huipeleka mnarani, na mnara huifikisha kwenye mitambo ya YouTube. Kutoka hapo watazamaji wote hupata nakala zao.

Jambo moja hapa hueleweka vibaya mara nyingi. Chama hutuma picha moja tu, wawe watazamaji kumi au elfu moja. Kwa hiyo wingi wa watazamaji hauielemei laini ya chama. Kinachoielemea ni ukubwa wa picha mnayoituma na wingi wa simu zilizouzunguka mnara wenu.

Yafaa pia kujua mapema kwamba chaneli mpya ya YouTube haipewi ruhusa ya kurusha papo hapo. Baada ya kuthibitisha namba ya simu, ruhusa ya kwanza yaweza kuchukua hadi saa 24. Kadhalika, anayetaka kurusha kwa simu pekee, bila kompyuta, hutakiwa awe na wafuasi wasiopungua 50 katika chaneli yake. Katibu anayefungua chaneli usiku wa kuamkia mkutano ataamka na kukuta mlango umefungwa.

2. KUPIMA KASI YA KUPAKIA

Mtandao una kasi mbili. Moja ni ya kupakua, yaani kuleta vitu kwako. Ya pili ni ya kupakia, yaani kupeleka vitu vyako nje. Watangazaji wa simu husifia ile ya kwanza. Sisi twaihitaji ya pili, nayo kwa kawaida ni ndogo zaidi. Ukipima kwa fast.com, namba kubwa inayotokea ni ya kupakua. Bonyeza “Show more info” ndipo uone ya kupakia.

Pimeni mahali pale pale ruta itakapokaa, saa ile ile hesabu zitakaposomwa, katika siku yenye watu wengi. Siku ya gulio hufaa, au Jumapili baada ya ibada kama ukumbi u karibu na kanisa. Pimeni mara tano, mkipumzika dakika tano kati ya kipimo na kipimo. Andikeni vyote, kisha chukueni kilicho kidogo kuliko vyote. Msichukue wastani, kwa maana matangazo hukatika kwenye dakika mbaya, wala hayaokolewi na dakika nzuri zilizopita.

Tuchukue mfano wa chama cha kahawa chenye ukumbi wa matofali na bati, mnara ukiwa ng’ambo ya bonde. Siku ya gulio, ruta ikiwa mezani karibu na jukwaa, vipimo vilikuwa megabiti 3.8, 2.6, 3.1, 2.2 na 2.9 kwa sekunde. Kilicho kidogo ni 2.2. Ruta ilipohamishiwa kwenye dirisha la upande wa bondeni, ikainuliwa juu ya kabati, vipimo vikawa 5.0, 4.4, 4.1, 5.3 na 4.6. Kilicho kidogo sasa ni 4.1. Hakuna senti iliyotumika. Ruta ilisogezwa hatua kumi na tano tu, ikaacha kutazamana na ukuta na bati.

Umbali kati ya dirisha na meza ya kompyuta uzibwe kwa kebo ya mtandao kutoka ruta hadi kompyuta. Msitegemee Wi-Fi ndani ya ukumbi. Miili ya watu huzuia mawimbi hayo, na simu za wanachama nazo hutoa ya kwao; Wi-Fi iliyokuwa nzuri ukumbi ukiwa mtupu hudhoofika viti vikijaa. Tena badilisheni neno la siri la ruta asubuhi ya mkutano, asiingie mwingine.

3. KUCHAGUA UZITO WA PICHA

Kanuni ni hii: tumieni nusu ya kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, na nusu iliyobaki iachwe kuwa akiba ya dakika mbaya. Katika mfano wetu nusu ya megabiti 4.1 ni 2.05, yaani kilobiti 2,050 kwa sekunde. Sauti ichukue 128. Picha ipewe 1,900. Jumla ni 2,028, nayo imo ndani ya mpaka.

Uzito huo watosha picha ya ukubwa wa 1280x720 kwa mkutano, kwa sababu wasemaji husimama mahali pamoja na picha haibadiliki sana. Ngoma na michezo huhitaji zaidi. Kama nusu yenu haifiki kilobiti 1,500, shukeni hadi 854x480 bila kuona haya. Picha ndogo inayokwenda bila kukatika humfaa mwanachama kuliko picha kubwa inayoganda. Kwa chama cha mfano wetu, mipango katika OBS ni hii:

```
Rate Control: CBR
Bitrate: 1900 Kbps
Keyframe Interval: 2 s
Audio Bitrate: 128
Output Resolution: 1280x720
FPS: 25
```

Neno CBR maana yake ni kwamba uzito haupandi wala kushuka, hivyo hesabu yenu hubaki kweli muda wote. Picha 25 kwa sekunde zimechaguliwa kwa sababu umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Kamera nayo iwekwe 25, na kasi ya kufumba jicho lake iwe 1/50. Msipofanya hivyo, taa ndefu za ukumbi zaweza kuleta mistari inayopanda na kushuka katika picha.

Sasa gharama ya data. Kilobiti 2,028 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, kisha gawa kwa 8 ili kupata baiti. Jibu ni kilobaiti 912,600, yaani kama gigabaiti 0.91 kwa saa. Mkutano wa saa tano hula 4.56. Ongezeni moja ya kumi kwa ajili ya vifungashio vya mtandao, mpate kama 5. Ongezeni tena gigabaiti moja ya jaribio la saa moja, na moja ya dharura. Chama kinunue gigabaiti 7, na stakabadhi ihifadhiwe kama ya matumizi mengine yoyote.

4. KAMERA NA SAUTI

Kamera ikae juu ya miguu yake mitatu, katikati ya ukumbi au kando ya njia, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, ili wanaopita wasiizibe. Picha ya kawaida ioneshe meza kuu na mahali pa msemaji. Hesabu zinaposomwa kutoka ubaoni au kwenye karatasi kubwa ukutani, mpiga picha asogeze picha hadi tarakimu zijaze kioo, kisha aiache hapo bila kutikisika. Kabla ya yote azime utaratibu wa kamera kujizima yenyewe, na achomeke chaja ya ukutani, kwani betri ya kamera haimalizi mkutano.

Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti mbaya humfukuza. Kipaza sauti kilicho ndani ya kamera hakifai kabisa. Hunasa kikohozi cha aliye karibu na mwangwi wa spika kabla ya maneno ya msemaji. Chukueni sauti kutoka kwenye miksa ya ukumbi, kupitia tundu lake la kutolea sauti, hadi kwenye kifaa kidogo cha sauti kinachoingia kwa USB katika kompyuta. Msiingize sauti ya miksa kwenye tundu la maikrofoni moja kwa moja. Tundu hilo limeundwa kwa sauti dhaifu, na sauti ya miksa huifika ikiwa na nguvu nyingi, ikakwaruza.

Katika OBS kuna mita ya sauti yenye rangi. Msemaji anapozungumza kwa sauti ya kawaida, mita icheze katika rangi ya manjano, kati ya -20 na -9. Ikigonga nyekundu mara kwa mara, punguzeni kwenye miksa. Ikibaki kijani tupu, watazamaji watategesha masikio. Mkisikia mvumo usiokoma, chomoeni chaja ya kompyuta kwa dakika moja. Mvumo ukikoma, mmejua kwamba watoka kwenye umeme. Chomekeni kompyuta na miksa kwenye soketi ya ukuta mmoja, kisha msikilize tena.

Sauti iliyopita njia yake hufika kompyutani kabla ya picha, kwa hiyo mdomo huonekana ukichelewa. Mtu asimame mbele ya kamera apige makofi karibu na kipaza sauti. Kofi likisikika kabla ya viganja kukutana, fungueni “Advanced Audio Properties” na kuongeza namba kidogo kidogo katika “Sync Offset”, mkianza na 100, mpaka vikutane.

5. JARIBIO LA SAA MOJA

Kipimo cha mtandao hudumu sekunde chache tu. Mkutano hudumu saa. Kwa hiyo, juma moja kabla, rusheni jaribio la saa nzima, katika siku ya watu wengi, mkiiweka video “Unlisted” ili ionwe na waliopewa kiungo peke yao. Wakati wa jaribio fungueni dirisha la “Stats” katika OBS. Humo mna mistari mitatu, na kila mmoja hushtaki mtu wake.

Mstari wa “Dropped Frames (Network)” hushtaki mtandao: picha zilikuwa tayari, lakini njia haikuzipitisha. Dawa yake ni kupunguza “Bitrate” au kuhamisha ruta. Mstari wa “Skipped frames due to encoding lag” hushtaki kompyuta, kwamba imeshindwa kuibana picha kwa wakati. Dawa yake ni kufunga programu nyingine, au kushusha ukubwa wa picha. Mstari wa “Frames missed due to rendering lag” hushtaki sehemu ya kompyuta inayochora picha, nayo hupata nafuu kwa kuondoa mapambo na madirisha yasiyo ya lazima. Makatibu wengi hununua data zaidi ilhali kosa ni la kompyuta. Mistari hii yawaokoa na gharama hiyo.

Kwa picha 25 kwa sekunde, saa moja ina picha 90,000. Zikipotea 90 kwa sababu ya mtandao, ni moja katika kila elfu, wala mtazamaji hatatambua. Zikipotea 900, ni moja katika kila mia, naye ataona mishtuko. Hapo shusheni “Bitrate” kwa robo, mjaribu tena.

Yapo mambo mengine matatu ya kupanga kabla ya siku yenyewe. Kwanza, katika “Settings”, sehemu ya “Advanced”, washeni “Dynamically change bitrate to manage congestion”. Njia ikisongamana, OBS itapunguza uzito wa picha badala ya kuzitupa. Pili, katika ukurasa wa matangazo wa YouTube zimeni “Enable Auto-stop”. Ikiachwa imewaka, laini ikikatika YouTube huweza kuhesabu kwamba matangazo yamekwisha, na mnaporudi watazamaji huwa wameachwa kwenye mlango uliofungwa. Ikizimwa, OBS hujiunga tena yenyewe na kiungo kile kile huendelea. Tatu, ucheleweshaji uwekwe “Normal latency”. Watazamaji wataona mambo kwa kuchelewa kidogo, lakini simu zao zitakuwa na akiba ya kupitia mikwaruzo midogo ya mtandao.

6. SIKU YA MKUTANO

Vifaa viwashwe saa moja kabla ya kikao. Kompyuta, ruta na kifaa cha sauti viwekwe kwenye betri ya akiba; umeme ukikatika, kompyuta yenye betri yake haina faida ikiwa ruta imezimika. Mtu wa pili akae nje ya ukumbi na simu yenye laini ya kampuni nyingine, akitazama matangazo kwa masikio ya spika ndogo, ili aseme yanavyofika. Asitazame kwenye kompyuta ile ile inayorusha, kwa sababu sauti itarudi na kuwa mwangwi.

Bonyezeni “Start Recording” kabla ya “Start Streaming”. Hili ndilo jibu la ugomvi tuliouanza. OBS huhifadhi mkutano mzima ndani ya kompyuta hata kama laini imekatika, na faili la aina ya “mkv” halipotei umeme ukizimika ghafla. Matangazo yakikatika katikati ya hesabu, Mwenyekiti atangaze saa ya kukatika na saa ya kurudi, mambo hayo yaandikwe katika muhtasari, na sehemu iliyokosekana ipewe wanachama kutoka kwenye faili. Mwenye shaka ataisikiliza mwenyewe.

Nyimbo za kanda zisipigwe wakati matangazo yanakwenda. YouTube huzitambua nyimbo zenye hakimiliki na huweza kuyasimamisha matangazo. Kwaya ya wanachama ikiimba utunzi wake wenyewe, hatari hiyo haipo.

Mwisho, Bodi iamue mapema mambo mawili na kuyasoma mbele ya mkutano. La kwanza ni nani atapewa kiungo, na ajenda gani zisirushwe. Madeni ya mwanachama mmoja mmoja ni taarifa zake binafsi, nazo hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wakati wa ajenda hiyo bonyezeni “Stop Streaming” baada ya Mwenyekiti kutangaza hivyo kwa sauti. La pili ni hadhi ya anayetazama. Kutazama si kuhudhuria. Jina lake lisiingizwe katika idadi ya akidi, wala kura yake isihesabiwe, isipokuwa masharti ya chama yameruhusu waziwazi. Mkaguzi ataitafuta sahihi katika daftari la mahudhurio. Hataihesabu namba ya watazamaji iliyo chini ya video.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chama kimepata vipimo vya kupakia vya megabiti 3.0, 2.4, 3.6, 2.8 na 3.3. Picha ipewe kilobiti ngapi, sauti ikiwa 128? Je, ukubwa wa 1280x720 wafaa?

2. Katika jaribio, picha zilizopotea kwa mtandao ni 12, na zilizorukwa kwa kompyuta kushindwa kubana ni 2,700. Je, Katibu anunue data zaidi? Eleza.

3. Matangazo yamekatika saa 5:10 na kurudi saa 5:18, Mweka Hazina akisoma matumizi. Nini kiandikwe katika muhtasari, na wanachama walio mbali wapewe nini?

Majibu: (1) Nusu ya 2.4 ni kilobiti 1,200. Toa 128, picha ibaki na 1,072, na ukubwa uwe 854x480. (2) La. Kosa ni la kompyuta. Afunge programu nyingine au ashushe ukubwa wa picha. (3) Saa ya kukatika, saa ya kurudi na ajenda iliyokuwa ikisomwa. Wapewe dakika zile nane kutoka kwenye faili lililorekodiwa.